Mama Anakumbuka Kicheko, Watoto Wanakumbuka Machozi: Kwa Nini Wazee Huegemea Mazuri

Kuna ubishi unaozuka karibu katika kila familia watu wanapokaa pamoja. Mzee anasimulia miaka ya nyuma, watoto wake wanatazamana. Anasema mwaka ule aliolazwa haukuwa mbaya hata kidogo, maana wauguzi walikuwa wacheshi na mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa bingwa wa hadithi.

"Mama, mwaka ule wewe ulikuwa unalia kila tukija kukuona," mwanawe anamkumbusha.

"Nililia, mwanangu. Lakini tulicheka mno mle ndani."

Baadaye, mama akishaenda kulala, watoto wanagawanyika. Mmoja anasema kumbukumbu zimeanza kumtoka. Wa pili anasema mama anajidanganya ili asiumie. Wa tatu, ambaye hapendi mabishano, anasema uzee ndivyo ulivyo, mtu hurudi utotoni, mwacheni.

Wote watatu wamegusa jambo ambalo wanasaikolojia wamekuwa wakilichunguza kwa bidii tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wote watatu hawajalipata sawasawa. Kitaalamu linaitwa athari ya uchanya. Maana yake ni kwamba, ukiwalinganisha na vijana, watu wa umri mkubwa hutazama, husikiliza na hukumbuka mambo yanayopendeza kwa kiasi kikubwa kuliko mambo yanayochukiza.

Tafadhali usiipite haraka hiyo sehemu ya "ukiwalinganisha na vijana", kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopotelea. Fasili hii haisemi kwamba mzee husahau mabaya yote. Haisemi hata kwamba hukumbuka mazuri mengi kuliko kijana. Chukua mfano wa kubuni: kijana na mzee wanaonyeshwa picha 20 za kupendeza na 20 za kuchukiza, kisha wanaulizwa wanakumbuka zipi. Kijana anataja 9 nzuri na 9 mbaya. Mzee anataja 7 nzuri na 4 mbaya. Mzee amekumbuka picha chache pande zote mbili, hata zile nzuri kijana amemshinda. Lakini angalia uwiano: nusu ya alizozikumbuka kijana ni za kupendeza, wakati kwa mzee ni 7 kati ya 11, karibu theluthi mbili. Tofauti hiyo ya uwiano ndiyo athari yenyewe. Mara nyingi haitokani na mazuri kuongezeka. Inatokana na mabaya kupungua kwa kasi kuliko mazuri.

Kuna upande mwingine wa fasili hiyo ambao husahaulika. Vijana nao hawako katikati kama mizani isiyo na kitu. Utafiti mwingi wa saikolojia umeonyesha kwamba akili ya kijana huelekea kuyapa mabaya uzito wa ziada: lawama moja humkaa kichwani kuliko sifa kadhaa. Kwa hiyo pengo kati ya mzee na kijana huweza kutokea hata pale ambapo mzee hapendelei upande wowote, ila tu ameacha ule upendeleo wa ujanani wa kuyaganda mabaya. Watoto wa yule mama wanaposema "mama anaona mazuri tu", wasisahau kwamba na wao wana lao.

Jaribio lililoipa hoja hii nguvu lilichapishwa mwaka 2003 na watafiti watatu wa Marekani: Susan Charles, Mara Mather na Laura Carstensen. Walichukua watu wa rika tatu: wa miaka 18 hadi 29, wa miaka 41 hadi 53, na wa miaka 65 hadi 80. Kila mmoja alitazama picha kwenye skrini ya kompyuta, nyingine za kufurahisha, nyingine za kuhuzunisha au kutisha, nyingine za kawaida tu. Hawakuambiwa wapendelee zipi. Baada ya muda wa kufanya kazi nyingine isiyohusiana, waliombwa wataje picha zote wanazozikumbuka. Kadiri umri ulivyopanda ndivyo sehemu ya picha mbaya katika kumbukumbu ilivyopungua. Jambo la kuvutia ni kwamba haikuwa hatua moja ya ghafla kwenye uzee, kwani watu wa makamo walikaa katikati ya makundi mawili.

Mwaka huohuo Mather na Carstensen walitaka kujua kama mambo huanzia mapema zaidi, pale macho yanapochagua pa kutua. Walionyesha nyuso mbili kwa pamoja, moja yenye hisia na nyingine isiyo na hisia yoyote, kwa muda wa sekunde moja. Kisha nyuso zikaondoka na kitone kikatokea mahali palipokuwa na mojawapo. Kazi ya mshiriki ilikuwa kubonyeza kitufe haraka kuonyesha kitone kiko upande gani. Ujanja wa jaribio hili ni rahisi: ukiwa ulishaelekeza macho upande fulani, kitone kikitokea hukohuko utakiona upesi. Wazee walikiona kitone upesi zaidi kilipotokea penye uso wa kawaida kuliko kilipotokea penye uso wa hasira au huzuni. Yaani walishauacha uso mbaya. Vijana hawakuonyesha tofauti hiyo.

Kufikia hapo, yule mtoto wa kwanza, anayesema kumbukumbu zinamtoka mama, bado ana hoja. Anaweza kusema: sawa, lakini huenda sehemu ya ubongo inayoshughulikia mabaya ndiyo inayochakaa kwanza. Hoja hiyo si ya kipuuzi, na wako wataalamu walioitetea. Wengine walisema kwamba kushughulikia mambo mabaya kunahitaji nguvu nyingi za akili, na mzee ambaye nguvu hizo zimepungua huchukua njia nyepesi, yaani mazuri. Ukikubali maelezo hayo, athari ya uchanya inakuwa ni jina la heshima la kuchoka kwa ubongo.

Kuna matokeo matatu yanayoifanya hoja hiyo isimame kwa shida.

La kwanza linahusu amigdala, kiungo kidogo cha ndani ya ubongo kinachoamka mtu anapokutana na jambo lenye hisia. Mwaka 2004 Mather na wenzake walipima ubongo wa vijana na wazee wakiwa wanatazama picha. Amigdala za wazee hazikuwa zimelala. Ziliamka vizuri kwa picha za kupendeza, zaidi kuliko kwa picha za kuchukiza. Kiungo kilichochakaa kingetarajiwa kudorora pande zote.

La pili ni kuhusu hatari. Mather na Marisa Knight waliwapa watu kundi la nyuso zilizochorwa, wautafute uso mmoja uliotofautiana na wenzake. Wazee waliugundua uso wenye hasira haraka kuliko nyuso za aina nyingine, kama vijana tu. Kwa hiyo kengele ya hatari iko palepale. Mzee huuona ubaya mara moja. Tofauti inakuja katika kinachofuata, yaani kama ataendelea kuukodolea macho au atageuka.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Mather na Knight, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2005, waliwapima wazee uwezo wa kuongoza fikra zao wenyewe, ule uwezo wa kushikilia lengo na kuzuia vishawishi. Kama athari ya uchanya ingekuwa matokeo ya uchovu wa ubongo, wazee wenye akili iliyochoka ndio wangekuwa na athari kubwa. Ikawa kinyume. Wazee waliofanya vizuri katika mitihani hiyo ndio walioelekea zaidi kukumbuka mazuri. Watafiti wakaenda hatua moja mbele: wakawapa wazee picha za kutazama huku wamewapa na kazi nyingine ya kusikiliza, ili akili isipate nafasi. Upendeleo wa mazuri ukatoweka.

Tafakari maana yake. Kuegemea mazuri ni kazi. Kunahitaji akili iliyo macho na isiyobanwa. Mzee akiwa amechoka, ana maumivu, au yuko mahali penye kelele na watu watatu wanamsemesha kwa mara moja, usitarajie uchangamfu huo. Watu huniambia, "Bibi akiwa peke yake ni mtu wa furaha, tukijaa nyumbani anakuwa mkali." Siwezi kumpima bibi wa mtu kwa maneno, lakini maelezo hayo hayanishangazi hata kidogo.

Watawa 300 na daftari la mwaka 1987

Sasa tuje kwa mtoto wa pili, anayesema mama anajidanganya. Shida ya kumjibu ni kwamba kwa kawaida hatuna ushahidi wa jinsi mambo yalivyokuwa. Mama anasema hivi, mtoto anasema vile, na hakuna aliyeandika. Ili kujua kumbukumbu imepinda kiasi gani, unahitaji mtu aliyeandika hali yake wakati ule, kisha umuulize tena baada ya miaka mingi bila kumwonyesha alichoandika.

Quinn Kennedy, Mara Mather na Laura Carstensen walipata nafasi hiyo adimu. Mwaka 1987 watawa wa kike walikuwa wamejaza hojaji ndefu kuhusu afya zao na hali zao za moyoni. Mwaka 2001, yaani miaka 14 baadaye, watafiti waliwarudia watawa 300. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 47, mkubwa alikuwa na miaka 102. Kazi waliyopewa ilikuwa moja: kumbuka ulivyokuwa mwaka 1987, ujaze maswali yaleyale kama ulivyoyajibu wakati ule.

Uzuri wa kuchagua watawa ni kwamba maisha yao yanafanana. Mtu wa miaka 50 na mtu wa miaka 85 katika jamii ya kawaida hutofautiana kwa mambo mengi mno: kipato, ndoa, watoto, makazi, kazi. Watawa wanakaa pamoja, wanakula pamoja, na wana ratiba inayokaribiana. Umri unapoonekana kuleta tofauti, ni vigumu zaidi kusema kwamba tofauti hiyo imeletwa na fedha au upweke.

Watafiti waliwagawa makundi matatu. Kundi moja liliachwa lijaze bila maelekezo yoyote. Kundi la pili, wakiwa wanajaza, walielekezwa kuzingatia hisia zao. Kundi la tatu walisisitiziwa usahihi: jitahidi kukumbuka mambo kama yalivyokuwa hasa. Kisha majibu ya 2001 yakawekwa kando ya majibu ya 1987, mtu kwa mtu.

Matokeo yalikuja katika sura mbili. Watawa wazee zaidi walielekea kuikumbuka mwaka 1987 kuwa ilikuwa nzuri kuliko walivyoandika wenyewe wakati ule. Watawa wenye umri mdogo zaidi walikwenda upande wa pili, wakaikumbuka kuwa mbaya kuliko walivyoandika. Soma hapo tena, kwa sababu ndipo yule mtoto wa pili anapopata jibu lake. Kama kupinda kumbukumbu ni kujidanganya, basi wadogo nao walijidanganya, ila kwa kuelekea gizani. Hakuna rika lililokuwa na picha safi ya mwaka 1987. Mama akisema mwaka wa hospitali ulikuwa wa kicheko na mwanawe akisema ulikuwa wa machozi, hatuna sababu ya kudhani mapema kwamba mwana ndiye mwenye rekodi sahihi.

Sura ya pili ni maelekezo. Wale wenye umri mdogo walipoelekezwa kuzingatia hisia zao, wakaanza kukumbuka kama wazee: 1987 ikawa nzuri. Na wazee waliposisitiziwa usahihi, wakaanza kukumbuka kama wale wadogo: 1987 ikawa mbaya kuliko walivyoiandika. Sentensi chache za maelekezo ziliweza kumvusha mtu kutoka rika moja la kumbukumbu hadi jingine.

Ubongo uliochakaa haurekebishwi kwa kuambiwa "jitahidi kuwa sahihi". Kilichobadilika pale ni lengo. Fikiria mtu aliyemwaga sanduku la picha za zamani mezani, anachagua za kubandika kwenye albamu. Albamu ya harusi na albamu ya ushahidi wa kesi zitatoka sanduku lilelile, zikiwa tofauti kabisa. Mzee akiachwa mwenyewe, lengo linalomwongoza kuchagua ni utulivu wa moyo. Kijana akiachwa mwenyewe, huchagua kwa lengo la kujifunza na kujihadhari, na kwa kazi hiyo mabaya yana faida kubwa. Mpe yeyote kati yao lengo la mwenzake, atachagua kama mwenzake.

Lengo hubadilika kwa nini?

Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford amejenga maelezo yake juu ya jambo moja: jinsi mtu anavyouona muda uliobaki mbele yake. Muda ukionekana mrefu, ni busara kuutumia kukusanya maarifa, kujuana na watu wapya, hata kuvumilia karaha ya leo kwa faida ya kesho. Muda ukionekana mfupi, yale ya kesho hupungua bei, na yale yanayoleta maana na amani leo hupanda. Mtu hupunguza marafiki akabaki na wa karibu, na macho yake huacha kutafuta kasoro.

Kumbe basi si miaka ya kuzaliwa inayofanya kazi hiyo. Ni muda unaoonekana kubaki. Hili linaweza kupimwa, na limepimwa. Katika majaribio yaliyoanza mwaka 1990, watu waliambiwa wana nusu saa ya bure na waliulizwa wangependa kuitumia na nani: mtu wa familia ya karibu, mtu mpya wanayeonekana kuelewana naye, au mwandishi wa kitabu walichotoka kukisoma. Wazee wengi walimchagua mtu wa familia, vijana waligawanyika. Lakini vijana walipoambiwa wajione kama wanakaribia kuhamia mbali peke yao, nao wakamkimbilia mtu wa familia. Na wazee walipoambiwa wajione kama wamepigiwa simu na daktari, akiwaeleza kuhusu ugunduzi utakaowaongezea miaka 20 ya maisha, upendeleo wao kwa familia ukapungua, wakawa kama vijana.

Hapo kuna jibu la yule mtoto wa tatu pia. Kurudi utotoni ni kwenda kwenye muda usio na mwisho. Mtoto haoni kikomo mbele yake. Anachofanya mama ni kinyume cha utoto. Anahesabu alichobakiwa nacho na kukigawa kwa uangalifu.

Sitaki kuyafanya maelezo haya kuwa Msahafu. Mwaka 2005 watafiti wa Ujerumani walitumia orodha za maneno mazuri na mabaya na hawakuona upendeleo wowote wa wazee. Mwaka 2008, Helene Fung na wenzake walifuatilia macho ya wazee huko Hong Kong, na wazee hao waligeuza macho kutoka kwenye nyuso za furaha badala ya zile mbaya. Maelezo yao yalikuwa kwamba kinachompa mtu utulivu hutofautiana kati ya utamaduni mmoja na mwingine, na kwamba pale ambapo kujihadhari ili usigombane na watu kunathaminiwa sana, macho huweza kuelekea kwingine. Kwa miaka kadhaa wataalamu walivutana kama athari hii ipo kweli.

Mvutano huo ulipata mwanga mwaka 2014, pale Andrew Reed, Larry Chan na Joseph Mikels walipounganisha majaribio 100 yenye washiriki 7,129. Athari ilionekana wazi. Lakini ilikuwa na nguvu pale tu watu walipoachwa huru kutazama na kukumbuka watakavyo. Majaribio yaliyowabana washiriki, kwa mfano kuwaambia wakariri kila kitu au wapime kila picha kwa kigezo fulani, yaliififisha. Pia ilikuwa kubwa zaidi kadiri tofauti ya umri kati ya makundi ilivyokuwa pana. Ndiyo hadithi ya watawa inayojirudia: ukimpa mtu lengo lako, huoni tena la kwake.

Pale inapoleta hasara

Hadi hapa mtu anaweza kudhani athari hii ni baraka tupu. Si kweli, na mahali pa kuiangalia kwa makini ni kwenye uamuzi wa tiba.

Corinna Löckenhoff na Carstensen waliwapa vijana na wazee taarifa za kuchagua daktari na mpango wa huduma za afya. Taarifa zilikuwa zimefunikwa, na kila mshiriki alichagua mwenyewe zipi afunue asome. Baadhi zilisifu, baadhi zilitaja kasoro. Wazee walisoma sehemu kubwa zaidi ya sifa na sehemu ndogo ya kasoro, na baadaye walikumbuka vivyo hivyo. Hebu tumweke yule mama wa hospitali mahali hapo. Amepewa vipeperushi vya dawa mbili za kuchagua. Cha kwanza kina maelezo ya wagonjwa waliopata nafuu na mstari mmoja kuhusu kizunguzungu. Cha pili kina maelezo makavu, na kinataja wazi kwamba dawa haileti kizunguzungu. Jioni mwanawe anamuuliza.

"Mama, umeamua ipi?"

"Hii ya kwanza. Watu wamepona sana na hii."

"Na kizunguzungu?"

"Kizunguzungu gani?"

Hapa mtoto anashtuka na kurudi kwenye wazo la kwanza, kwamba kumbukumbu zimemtoka. Huenda sivyo. Huenda ule mstari haukupata muda wa macho yake hata ukaingia. Kwa mtu ambaye ameshawahi kuanguka bafuni, mstari huo mmoja ulikuwa muhimu kuliko shuhuda zote za ukurasa mzima.

Suluhisho la tatizo hili limo katika jaribio hilohilo. Watafiti waliporudia kazi ile na kuwaambia washiriki wazingatie mambo mahususi na maelezo ya kina, tofauti kati ya wazee na vijana ilitoweka. Hawakuhitaji kuwatisha, kuwakaripia, wala kurahisisha karatasi. Walibadilisha swali. Kwa hiyo mwana asimuulize mama, "Umeipenda ipi?" Hilo ni swali la moyo, na moyo wake utachagua utulivu. Amwambie, "Mama, naomba tusome pamoja madhara ya kila dawa, halafu unieleze kwa maneno yako tofauti zake." Televisheni izimwe, na mambo mengine yasubiri, kwa sababu tumeshaona kwamba akili iliyogawanyika inafanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Kisha amsikilize anavyoeleza. Akiweza kutaja madhara baada ya kuelekezwa hivyo, kumbukumbu yake inafanya kazi; ilikuwa inaelekezwa pengine tu.

Tahadhari moja ihusuyo upande wa pili. Usilifanye hili kuwa sababu ya kumlazimisha mzee akumbuke mabaya kila siku ili "awe mkweli". Mama anaposimulia mwaka wa hospitali sebuleni, hakuna uamuzi unaosubiri jibu lake. Kumsahihisha pale hakuokoi kitu.

Jinsi ya kutofautisha na ugonjwa

Kwa kuwa watu wengi huuliza hili kwa hofu, nalieleza bila kuzunguka. Athari ya uchanya hubadilisha uzito wa mambo. Haifuti tukio lenyewe. Mama alisema, "Nililia, mwanangu." Ukimgusia jambo baya lililotokea, analikumbuka, anaweza kulieleza, kisha anarudi kwenye kicheko. Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu hufanya kazi tofauti: hugusa mazuri na mabaya bila kubagua, na hasa mambo mapya. Mtu hurudia swali aliloliuliza muda mfupi uliopita, hupotea njia anayoijua, hushindwa kufuata hatua za kazi aliyoizoea kama kulipa bili. Mtu anayesahau kwamba mjukuu alikuja jana, na ziara ilikuwa ya furaha, hana athari ya uchanya. Apelekwe akapimwe.

Dalili nyingine hupuuzwa zaidi kwa sababu inafanana na dhana potofu kuhusu uzee, ile ya kwamba wazee kwa asili ni watu wa kununa na kulalamika. Ukiujua mwelekeo wa kawaida, mzee aliyekuwa mchangamfu akianza kuona mabaya peke yake, wiki baada ya wiki, akaacha mambo aliyoyapenda, analala vibaya na hataki kula, hiyo si tabia ya umri wake. Huenda ni sonona, ugonjwa unaotibika uzeeni kama ulivyo ujanani, na mara nyingine ni maumivu ambayo hajayataja kwa mtu. Muulize kwanza kuhusu maumivu, kisha kuhusu usingizi, na umweleze daktari ni lini hasa mabadiliko yalipoanza.